Kwa kiasi gani? Nilivyojifunza kuandika matokeo ya rigresheni

Sentensi ninayokutana nayo mara nyingi zaidi katika tasnifu za mwaka wa tatu inasomeka hivi: "Rigresheni ilikuwa na maana kitakwimu (p = 0.000, R² = 0.83), kwa hiyo nadharia tete imekubaliwa." Baada yake hufuata jedwali lililonakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye skrini, lenye tarakimu tano baada ya nukta, na sura ya matokeo inaishia hapo.

Mwalimu aliyenisimamia nilipokuwa mwanafunzi alikuwa na swali moja kwa sentensi za namna hiyo. Aliandika pembeni kwa kalamu: "Kwa kiasi gani?" Halikuhitaji maelezo. Kama nimesema kitu kimoja kinahusiana na kingine, msomaji ana haki ya kujua kinahusiana kwa kiasi gani, kwa vipimo anavyovifahamu, na namba hiyo inaweza kuyumba hadi wapi. Leo nami nakaa na wanafunzi kwenye meza hiyo hiyo ya tasnifu, na swali hilo ndilo ninalolitumia. Nitaeleza hapa jinsi linavyojibiwa, kwa data ambayo yeyote mwenye programu ya R anayo tayari, ili kila namba uweze kuihakiki mwenyewe.

Data hiyo inaitwa `mtcars`. Ni magari 32 ya miaka ya 1973 na 1974, yaliyopimwa na jarida la Marekani la Motor Trend mwaka 1974. Kila gari lina uzito wake, nguvu ya injini yake, na umbali linaokwenda kwa galoni moja ya mafuta. Swali ninalowapa wanafunzi ni hili: tukishajua uzito wa gari, je, nguvu za farasi za injini zinatuambia chochote cha ziada kuhusu ulaji wa mafuta? Litunze swali hilo akilini, kwa sababu kila uamuzi utakaofuata unatokana nalo.

Ukiendesha rigresheni hii kwa data ilivyo, mteremko wa uzito, yaani namba iliyo kwenye safu ya `Estimate`, ni -3.878, na ule wa nguvu za farasi ni -0.032. Kijana mmoja aliniletea namba hizo akaandika chini yake kwamba uzito una athari kubwa na nguvu ya injini ina athari ndogo sana.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Mwalimu, si hii hapa? Tatu nukta nane dhidi ya sifuri nukta sifuri tatu."

Nikamwomba aniambie kipimo cha kila namba kwa sauti. Uzito katika data hiyo umeandikwa kwa maelfu ya pauni, kwa hiyo hatua moja ya uzito ni karibu kilo 454, sawa na nusu ya gari dogo. Hatua moja ya nguvu ni farasi mmoja tu, tofauti ambayo hakuna dereva atakayeihisi. Namba mbili hizo hazikuwa zinalinganishika. Tena, ukiipunguza -0.032 iwe na tarakimu mbili baada ya nukta, na ncha zake mbili ukazipunguza vivyo hivyo, unabaki na -0.03 [-0.05, -0.01], na sehemu kubwa ya habari imepotea katika kufupisha.

Dawa yake ni kubadilisha vipimo kabla ya kuendesha rigresheni. Kwetu dereva hazungumzi kwa maili na galoni. Anauliza gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Basi nikamwonyesha aweke kilomita kwa lita, uzito kwa hatua za kilo 100, na nguvu kwa hatua za farasi 50:

```r
d <- mtcars
d$kml   <- d$mpg * 0.42514
d$kg100 <- d$wt * 4.53592
d$hp50  <- d$hp / 50
m1 <- lm(kml ~ kg100, data = d)
m2 <- lm(kml ~ kg100 + hp50, data = d)
summary(m2)
confint(m2)
anova(m1, m2)
```

Thamani za t, thamani za p za miteremko hiyo na R² hazibadiliki hata chembe, kwa sababu tumebadilisha rula tu. Kinachobadilika ni kwamba sasa namba zinasomeka. Kwa magari yenye nguvu sawa, kila kilo 100 za ziada zinaambatana na upungufu wa kilomita 0.36 kwa lita. Kwa magari yenye uzito sawa, kila farasi 50 wa ziada wanaambatana na upungufu wa kilomita 0.68 kwa lita. Ukikumbuka kwamba gari la wastani katika kundi hili linakwenda kilomita 8.5 kwa lita, unaona mara moja kwamba kile kilichoitwa "athari ndogo sana" si kidogo.

Hatua za kilo 100 na farasi 50 nilizichagua mimi, na mwandishi mwingine angeweza kuchagua nyingine. Ninachotazama ni kama hatua hiyo ni tofauti inayotokea kweli kati ya vitu vinavyolinganishwa. Magari haya yanaanzia farasi 52 hadi 335, kwa hiyo tofauti ya 50 ni ya kawaida kabisa. Anayetafiti mapato ya kaya achague hatua ya shilingi ambayo kaya mbili jirani zinaweza kutofautiana, asitumie shilingi moja.

Sasa tuje kwenye wigo wa uhakika, zile namba mbili zinazotolewa na `confint`. Kwa nguvu za farasi, wigo wa uhakika wa 95% unaanzia -1.07 hadi -0.28. Wanafunzi wengi huuandika kwenye jedwali kisha hawaugusi tena kwenye maelezo. Wengine huutumia kwa kazi moja tu, kuangalia kama sifuri imo ndani au haimo, na hapo wanakuwa wamerudia thamani ya p kwa njia ndefu.

Mimi nawaambia wausome kwa ncha zote mbili. Chukua ncha moja, ujiulize dunia ingekuwaje kama hiyo ndiyo kweli. Kisha chukua ya pili. Tuseme gari la wastani linakwenda safari ya kilomita 500. Linatumia lita 58.5 hivi. Gari lenye uzito uleule lakini lenye farasi 50 zaidi, kwa makadirio yetu, lingetumia lita 5 zaidi. Kwa ncha moja ya wigo lingetumia lita 2 zaidi, na kwa ncha nyingine lita 8. Hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kuona amepata nini: data hizi zinapatana na gharama ndogo ambayo mtu anaweza kuipuuza, na pia zinapatana na gharama inayouma mfukoni. Magari 32 hayatoshi kutenganisha hali hizo mbili. Sentensi inayosema "p = 0.001" peke yake ingemficha msomaji jambo hilo lote.

Kuhusu maana ya ile asilimia 95, naomba umakini, kwa sababu hapa hata vitabu vya kufundishia huteleza. Asilimia hiyo ni sifa ya njia tuliyotumia. Kama tungechukua sampuli upya mara nyingi na kila mara tukakokotoa wigo kwa njia hii, kiasi cha mara 95 katika kila 100 wigo utakaopatikana ungeufunika mteremko halisi. Kuhusu wigo huu mmoja ulio mbele yetu, hatuwezi kusema kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba kweli imo ndani yake. Katika sura ya matokeo huna haja ya kueleza falsafa hiyo. Andika tu "wigo wa uhakika wa 95%" na namba zake, na usiongeze neno "uwezekano". Lakini kuna jambo la pili ambalo inafaa uliandike. Maelezo hayo yote yanadhani data ni sampuli ya kundi fulani kubwa. Magari haya yalichaguliwa na watu wa jarida, na miongoni mwao kuna Maserati na Ferrari. Hayakuokotwa kwa bahati nasibu barabarani. Sentensi moja kuhusu data zilivyopatikana inatosha kumpa msomaji kipimo cha kuuamini wigo huo.

Kosa jingine linalojirudia ni kudhani kwamba wigo wa mteremko au wa wastani unamhusu mtu mmoja au gari moja. Chukua gari la kilo 1,459 na farasi 147, ambalo liko katikati kabisa ya data. Wigo wa uhakika wa wastani wa magari ya aina hiyo ni kilomita 8.1 hadi 8.9 kwa lita. Lakini ukitaka kubashiri gari moja jipya la aina hiyo, wigo unapanuka hadi kilomita 6.3 mpaka 10.8. Tofauti ni kubwa, na inatokana na kwamba magari yenyewe yanatofautiana hata yakiwa na uzito na nguvu sawa. Katika R, wigo wa kwanza unaupata kwa `interval = "confidence"` ndani ya `predict`, na wa pili kwa `interval = "prediction"`. Mwanafunzi anayeandika "gari la namna hii litakwenda kilomita 8.1 hadi 8.9" ameahidi kitu ambacho data haiwezi kukitimiza.

Nije sasa kwenye ukubwa wa athari, sehemu inayonichukulia muda mrefu kuliko zote ninapokaa na wanafunzi. Miongozo ya kuandika inadai uripotiwe, mwanafunzi anatafuta namba yoyote inayofanana na hiyo, na anayoiona kwanza ni `Multiple R-squared`, yaani 0.827. Anaandika: "Ukubwa wa athari ya nguvu za farasi ni R² = 0.83." Namba hiyo ni ya modeli nzima, uzito na nguvu kwa pamoja. Kuitumia kwa nguvu za farasi peke yake ni kama kumpa mshambuliaji mmoja mabao yote ya timu.

Rudi kwenye swali letu. Tuliuliza nguvu za farasi zinaongeza nini baada ya uzito kujulikana. Modeli yenye uzito peke yake ina R² ya 0.753. Tukiongeza nguvu za farasi inafika 0.827. Ongezeko ni 0.074, na hilo ndilo jibu la moja kwa moja: nguvu za farasi zinaeleza asilimia 7.4 ya ziada ya tofauti zote za ulaji wa mafuta.

Lakini ongezeko hilohilo linaweza kuandikwa kwa namna nyingine. Uzito ulipomaliza kazi yake, asilimia 24.7 ya tofauti zilibaki bila maelezo. Kati ya hizo zilizobaki, nguvu za farasi zinaeleza 0.074 gawanya kwa 0.247, yaani asilimia 30. Hiyo huitwa R² ya sehemu. Na ipo namna ya tatu, f² ya Cohen, inayogawa ongezeko lilelile kwa kile kilichobaki baada ya modeli kamili: 0.074 gawanya kwa 0.173, jibu 0.43.

Asilimia 7.4, asilimia 30, na 0.43. Zote tatu zinasema jambo moja, na zote zinatoka kwenye namba tatu zilizo tayari kwenye skrini, t ya nguvu za farasi ambayo ni -3.52, digrii huru 29, na R² ya modeli kamili. Ukiigawa t² kwa 29 unapata f² papo hapo. Ndiyo maana nasisitiza jina litajwe. Anayeandika "ukubwa wa athari = 0.30" bila kusema ni wa aina gani amemwachia msomaji fumbo, na anayechagua ile kubwa kuliko zote kwa sababu inapendeza atakamatwa na msimamizi yeyote anayejua kugawanya. Kwa swali kama letu mimi huandika ongezeko la R² kwanza, kwa sababu ndilo linaloeleweka bila msamiati wa ziada, na f² baadaye kwa ajili ya wale watakaotaka kukokotoa ukubwa wa sampuli ya utafiti unaofuata.

Kuna pia mteremko sanifu, ambao vigeu vyote vimegawanywa kwa mkengeuko sanifu wake. Kwa uzito ni -0.63, kwa nguvu ni -0.36. Unavutia kwa sababu unaonekana kuruhusu ulinganisho kati ya vigeu viwili. Mimi nautumia kwa tahadhari. Namba hizo zinategemea jinsi magari yalivyotawanyika katika sampuli hii. Kundi hili lina Honda Civic ya farasi 52 na Maserati Bora ya farasi 335. Mtawanyiko wa namna hiyo hauko katika maegesho ya kawaida. Ukipima magari madogo ya familia peke yake, mteremko wa kilomita kwa lita unaweza kubaki uleule ilhali mteremko sanifu ukabadilika, kwa sababu rula yenyewe imebadilika. Kwa hiyo mahali ambapo vipimo vya asili vinaeleweka, kama kilomita, kilo, shilingi au siku, hivyo ndivyo ninavyovitanguliza. Mteremko sanifu unafaa zaidi pale kipimo chenyewe hakina maana nje ya dodoso, kama alama za kuridhika na kazi.

Kisha yapo yale maneno "ndogo", "ya kati" na "kubwa". Jacob Cohen, katika kitabu chake cha mwaka 1988, aliweka mipaka ya f² kuwa 0.02, 0.15 na 0.35, na mwenyewe akatahadharisha kwamba ni ya kutumia pale tu mtu asipokuwa na msingi bora zaidi. Kwa mipaka hiyo 0.43 ni "kubwa". Lakini sisi tuna msingi bora: tunajua kilomita 0.68 kwa lita ni nini, tunajua ni lita ngapi katika safari. Mwanafunzi akiandika "athari kubwa (Cohen)" kisha akanyamaza, ameacha kazi ambayo ni yeye tu angeweza kuifanya.

Hebu niandike aya yenyewe, jinsi ambavyo ningependa kuisoma katika tasnifu:

"Tulichunguza iwapo nguvu za farasi zinaeleza ulaji wa mafuta zaidi ya uzito wa gari (magari 32). Uzito peke yake ulieleza asilimia 75 ya tofauti za ulaji, R² = 0.753. Kuongeza nguvu za farasi kuliinua R² kwa 0.074, F(1, 29) = 12.38, p = 0.001, f² = 0.43. Katika modeli yenye vigeu vyote viwili, farasi 50 wa ziada waliambatana na upungufu wa kilomita 0.68 kwa lita, wigo wa uhakika wa 95% [-1.07, -0.28], kwa magari yenye uzito sawa. Kilo 100 za ziada ziliambatana na upungufu wa kilomita 0.36 kwa lita [-0.48, -0.24], kwa magari yenye nguvu sawa. Bila nguvu za farasi katika modeli, mteremko wa uzito ulikuwa -0.50 [-0.61, -0.39]."

Ni fupi, na kila sentensi ina sababu ya kuwepo. Swali limetangulia, ili msomaji ajue kwa nini modeli ziko mbili. Vipimo vimetajwa ndani ya sentensi. Maneno "kwa magari yenye uzito sawa" ni ya lazima katika rigresheni ya vigeu vingi. Ukiyaondoa, sentensi inadai kitu kingine. Sentensi ya mwisho inaonyesha kwamba mteremko wa uzito ulishuka kutoka 0.50 hadi 0.36, kwa kuwa magari mazito huwa pia na injini zenye nguvu, na uzito peke yake ulikuwa umebeba sehemu ya mzigo wa injini. Kitenzi ni "kuambatana", kwa sababu hakuna aliyechukua gari akaliongezea farasi 50 ili aone kitakachotokea. Ncha za wigo nimezitenga kwa mkato ndani ya mabano ya mraba, maana kistari kati ya namba mbili hasi humchanganya mtu. Namba ya gari lenye uzito sifuri na nguvu sifuri, ile ya `(Intercept)`, inakaa kwenye jedwali bila sentensi, kwani hakuna gari la namna hiyo. Na p haiwi kamwe 0.000, programu imeishiwa nafasi tu, na kinachoandikwa ni p < 0.001.

Swali ambalo wanafunzi huniuliza kila mara ni je, ikiwa wigo umepita kwenye sifuri? Tuna mfano humuhumu. Ongeza kigeu cha `qsec`, muda ambao gari linatumia kumaliza robo maili. Mteremko wa nguvu za farasi unakuwa -0.38, wigo wake [-1.03, 0.27], p = 0.24. Dada mmoja aliyekuwa anaandika tasnifu ya uchumi aliandika: "Nguvu za farasi hazina athari kwa ulaji wa mafuta." Nikamwomba asome ncha za wigo kwa sauti. Ncha ya chini ni hasara ya kilomita nzima kwa lita, karibu sawa na ile ya mwanzo. Data hazijasema athari haipo. Zimesema kwamba nguvu ya injini na muda wa robo maili vinakwenda pamoja mno, na kwa magari 32 haiwezekani kuvitenganisha. Akaandika upya: "Baada ya kuzingatia muda wa robo maili, makadirio ya mteremko wa nguvu za farasi hayakuwa thabiti: upungufu wa kilomita 0.38 kwa lita kwa kila farasi 50, ukiwa na wigo unaoanzia upungufu wa 1.03 hadi ongezeko la 0.27." Sentensi hiyo ni ndefu zaidi, lakini mtafiti anayekuja baada yake anaweza kuitumia.

Limebaki jambo moja ambalo namba hizi haziwezi kulisema zenyewe. Wigo wa uhakika unahesabu yumbayumba ya sampuli tu, huku ukiichukulia modeli kuwa sahihi. Chora masalio dhidi ya makadirio kwa `plot(m2, which = 1)`, na R itakuandikia majina matatu: Toyota Corolla, Fiat 128 na Chrysler Imperial. Corolla ilikwenda kilomita 14.4 kwa lita ilhali modeli iliitabiria 11.9. Fiat ilifika 13.8 dhidi ya 11.3. Chrysler, gari zito la karibu kilo 2,400, lilikwenda 6.2 dhidi ya 3.9. Magari mawili mepesi na moja zito, yote yamefanya vizuri kuliko mstari ulivyodai. Mpangilio huo ni dalili ya mkunjo: uhusiano si mstari ulionyooka.

Ukiruhusu mteremko wa nguvu ubadilike kulingana na uzito, kwa kuandika `kg100 * hp50`, R² inapanda hadi 0.885, na mwingiliano huo una p chini ya 0.001. Katika magari mepesi farasi 50 wa ziada wanagharimu zaidi ya ile 0.68, katika mazito wanagharimu kidogo, na karibu na kilo 1,950 gharama inakaribia sifuri. Kwa hiyo ile 0.68 tuliyoiandika kwa makini ni wastani wa magari yasiyofanana. Mwanafunzi aliyefika hapa huniuliza kama afute aya yake yote. Namwambia aiache, kwa kuwa ndiyo inayojibu swali alilolipanga kabla ya kuona data, kisha aongeze aya ya pili inayosema masalio yalionyesha mkunjo, modeli ya mwingiliano iliendeshwa baada ya kuona masalio hayo, na mteremko wa nguvu kwa gari jepesi na kwa gari zito, kila mmoja na wigo wake.